Kurasa sita kwa meza nne: hesabu za tangazo lililobadilishwa na samani

Mchapishaji mdogo wa jarida la kila mwezi jijini Dar es Salaam amehamia katika vyumba vipya na hana meza. Mwenye karakana ya samani pale Keko ana meza, viti na makabati yaliyokamilika, lakini hajulikani kwa wateja wa maofisini, ambao ndio hasa wasomaji wa jarida hilo la ujenzi na makazi. Wanakaa, wanakunywa chai, na wanakubaliana: karakana italeta meza nne, viti sita na makabati mawili ya mafaili, jarida litaitangaza karakana kwa ukurasa mzima katika matoleo sita mfululizo. Hakuna shilingi inayotoka upande wowote. Kila mmoja anarudi kwake akiamini kwamba amepata kitu cha thamani kwa gharama ndogo, na kwa kuwa hakuna fedha iliyopita benki wala kwenye simu, hakuna anayefungua daftari.

Watu hawa ni wa kubuni, lakini makubaliano ya namna hii ni ya kawaida sana, na wahasibu wa biashara ndogo hukutana nayo baadaye, yakiwa yamekwisha kugeuka kuwa fumbo. Karakana inapohesabu bidhaa zake mwishoni mwa mwaka, inakuta pengo la samani zilizogharimu shilingi 2,400,000, na mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni mtunza ghala. Jaridani, mkaguzi anaona meza nne nzuri ambazo hazimo katika rejesta ya mali, na anauliza zilinunuliwa na nani. Wakati huo huo matoleo sita yamechapwa, gharama ya karatasi na wino imeandikwa, na kurasa sita hazina mapato yoyote yanayolingana nazo.

Kosa limeanza katika wazo kwamba tukio la kihesabu ni fedha kuhama. Mabadilishano ya mali kwa mali ni mauzo mawili na manunuzi mawili yaliyotokea kwa pamoja, ila fedha ambazo zingekwenda na kurudi zimefutana njiani. Jarida limeuza matangazo na limenunua samani. Karakana imeuza samani na imenunua matangazo. Vitabu vya kila mmoja vinapaswa kuonyesha pande zote mbili kwa ukamilifu, kana kwamba kila mmoja alimwandikia mwenzake hundi ya kiasi kile kile. Hilo si gumu kulielewa. Ugumu uko katika maswali mawili yanayofuata: kiasi gani, na lini.

Thamani inatoka upande gani?

Jarida lina orodha ya bei za matangazo, na katika orodha hiyo ukurasa mzima wa ndani ni shilingi 900,000. Kurasa sita ni 5,400,000. Karakana nayo ina bei zake: meza 400,000 kila moja, kiti 200,000, kabati 400,000. Meza nne ni 1,600,000, viti sita ni 1,200,000, makabati mawili ni 800,000, na jumla ni 3,600,000. Mwenye jarida, ambaye angependa mapato yake yaonekane makubwa anapokwenda kuomba mkopo, atasema ameuza matangazo ya 5,400,000. Je, ana haki ya kusema hivyo?

Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kinachohusu mapato, IFRS 15, kinajibu kwa kugeuza swali. Mteja anapolipa kwa kitu kisicho fedha, muuzaji hupima mapato yake kwa thamani ya soko ya kile alichopokea. Bei aliyoitamani kwa kile alichotoa haiingii hapo kwanza. Akishindwa kukadiria kwa busara thamani ya alichopokea, ndipo anaporudi kwenye bei ambayo huuzia bidhaa au huduma yake mwenyewe. Kiwango kilichoandaliwa kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati, ambacho kampuni nyingi za ukubwa huu nchini Tanzania zinaruhusiwa kukitumia, kinafuata mpangilio huo huo kwa vitu visivyofanana: kwanza thamani ya kilichopokelewa, kisha ya kilichotolewa, na kiasi chochote cha fedha kilichoongezwa juu kinarekebishwa humo.

Ukiitumia kanuni hiyo katika kesi yetu, utaona jambo la kuvutia. Jarida limepokea samani, na samani zina bei inayojulikana: mtu yeyote anaweza kwenda Keko na kuuliza kabati la namna hiyo linauzwaje. Kwa hiyo mapato ya jarida ni 3,600,000, na orodha yake ya bei haihusiki. Karakana imepokea matangazo, na thamani ya tangazo ni kitu cha kuteleza. Karakana haioni ankara ambazo jarida huwapa wateja wengine, wala haijui ni nani alipunguziwa na kwa kiasi gani. Isipoweza kuikadiria, itarudi kwenye bei ya samani zake yenyewe, ambayo ni 3,600,000 ile ile. Pande zote mbili, kila moja kwa njia yake, zimefika kwenye nanga moja, na nanga hiyo ni fanicha.

Inafaa kueleza kwa nini tangazo halifai kuwa nanga. Meza ambayo haikuuzwa leo itauzwa kesho, na mbao zake zilinunuliwa kwa fedha. Ukurasa wa toleo la Oktoba ambao haukuuzwa unakufa siku jarida linapopelekwa kiwandani, na gharama ya kumpa mtu ukurasa uliokuwa utupu ni karibu na sifuri. Kitu ambacho hakimgharimu mtoaji ni rahisi kukibandika bei yoyote. Dunia ililiona hili mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati kampuni changa za mtandao nchini Marekani zilipokuwa zikibadilishana matangazo, kila moja ikiandika mapato makubwa upande mmoja na gharama kubwa upande wa pili. Faida haikubadilika, lakini mapato yalivimba, na wawekezaji wa wakati ule walikuwa wakizithamini kampuni hizo kwa mapato. Mwanzoni mwa mwaka 2000 watunga kanuni wa Marekani walitoa mwongozo uliojulikana kama EITF 99-17: mapato ya tangazo la mabadilishano yaandikwe kwa thamani ya soko pale tu kampuni inapoweza kuonyesha kwamba yenyewe ilipokea fedha taslimu kwa matangazo yanayofanana na hayo, ndani ya muda usiozidi miezi sita kabla. Mwishoni mwa mwaka 2001 ukafuata mwongozo wa kimataifa, SIC-31, uliokataza kupima thamani hiyo kwa kutazama mabadilishano mengine. IFRS 15 ilichukua nafasi ya SIC-31 kuanzia tarehe 1 Januari 2018.

Miongozo hiyo ililenga tangazo lililobadilishwa na tangazo, lakini kipimo chake kinafaa sana hata kwa jarida letu dogo, kama njia ya kujihakikishia kwamba biashara ilikuwa ya haki. Mhasibu afungue faili la ankara za miezi ya karibuni na aulize: nani alilipa fedha kwa ukurasa mzima, na alilipa kiasi gani? Tuseme anakuta kwamba aliyeweka tangazo mara moja alilipa 750,000, na waliofunga mkataba wa matoleo sita walilipa 600,000 kwa kila toleo. Hakuna aliyewahi kulipa 900,000. Bei halisi ya mkataba kama wa karakana, basi, ni 600,000 mara sita, yaani 3,600,000, na inakutana na bei ya samani bila kulazimishwa. Kama angekuta wateja wanalipa 350,000 tu, angekuwa na sababu ya kutilia shaka bei za samani pia, na kuuliza kama karakana nayo haikutumia bei ya maonyesho badala ya bei inayoiuzia wateja wanaonunua vipande kumi na viwili kwa mpigo. Bei iliyobandikwa kwenye kiti ni kama orodha ya bei za matangazo: inathibitishwa na risiti za waliolipa.

Maingizo ya siku ya kwanza

Samani zinafika tarehe 1 Oktoba, zote kwa pamoja, na mfanyakazi wa jarida anasaini hati ya kupokea mzigo. Siku hiyo jarida bado halijatimiza ahadi yake hata kwa ukurasa mmoja. Kwa hiyo haliwezi kuandika mapato. Linachoandika ni deni, lakini deni la aina ya pekee, linalolipwa kwa kurasa. Wahasibu huliita mapato yaliyopokelewa kabla ya huduma. Mimi hupendelea jina ambalo mwenye biashara ataelewa bila kuuliza: «Matangazo tunayodaiwa».

Katika vitabu vya jarida:

Debiti: Samani za ofisi 3,600,000
Krediti: Matangazo tunayodaiwa 3,600,000

Upande wa karakana mambo ni tofauti, kwa sababu yenyewe imekwisha kutimiza sehemu yake. Imekabidhi bidhaa, mteja amezipokea, na hana haki ya kuzirudisha kwa kutaka tu. Mauzo yamekamilika siku hiyo hiyo. Kilichopokelewa badala yake ni haki ya kutangazwa katika miezi ijayo, nayo ni mali, sawa na kodi ya pango iliyolipwa kabla. Tuiite «Matangazo tunayodai».

Katika vitabu vya karakana:

Debiti: Matangazo tunayodai 3,600,000
Krediti: Mauzo 3,600,000

Debiti: Gharama ya bidhaa zilizouzwa 2,400,000
Krediti: Bidhaa ghalani 2,400,000

Ingizo hili la pili ndilo linalomwokoa mtunza ghala. Bila hilo, vitabu vitaendelea kudai kwamba meza nne ziko karakana, na hesabu ya mwisho wa mwaka itaonyesha upungufu usio na maelezo. Ndilo pia linalosahaulika zaidi, hata na watu waliokumbuka kuandika mauzo, kwa sababu akili inakuwa imejishughulisha na ile haki ya tangazo.

Wanaotumia programu za hesabu hukutana na kikwazo kidogo: programu inataka ankara ya mauzo ilipwe na ankara ya manunuzi ilipwe, na hapa hakuna benki ya kulipia. Njia inayofanya kazi ni kufungua akaunti ya kupitishia, yenye umbo la akaunti ya benki lakini isiyo na fedha, na kuiita «Mabadilishano». Jarida linatoa ankara ya matangazo kwa karakana ya 3,600,000 na kuandika kwamba imelipwa kupitia «Mabadilishano». Salio linapanda hadi 3,600,000. Kisha linaingiza ankara ya samani kutoka karakana na kuilipa kupitia akaunti hiyo hiyo. Salio linarudi sifuri. Sifuri hiyo ina maana. Kama karakana ingeleta meza na viti tu huku makabati yakisubiri, ankara ya samani zilizopokelewa ingekuwa 2,800,000, na «Mabadilishano» ingebaki na 800,000, ambazo ndizo thamani ya makabati yanayodaiwa. Akaunti inayokaa na salio kwa miezi miwili ni dalili kwamba upande mmoja haujatimiza ahadi, au kwamba mtu aliandika nusu ya habari akasahau nusu nyingine. Angalizo moja: ankara ya matangazo ielekezwe kwenye «Matangazo tunayodaiwa». Programu nyingi, zikiachwa zifanye zenyewe, zitaipeleka moja kwa moja kwenye mapato.

Kurasa zinapotoka moja moja

Toleo la Oktoba linapotoka na tangazo likiwemo, jarida limelipa sehemu moja ya sita ya deni lake. Linadebiti «Matangazo tunayodaiwa» 600,000 na kukrediti «Mapato ya matangazo» 600,000. Karakana, ikiwa na nakala ya toleo hilo mkononi, inadebiti «Gharama ya matangazo» 600,000 na kukrediti «Matangazo tunayodai» kiasi hicho hicho. Nakala hiyo si ya kumbukumbu ya ukutani; ndiyo hati inayothibitisha gharama, na inafaa kukaa katika faili pamoja na ankara. Tangazo likichapwa nusu ukurasa badala ya ukurasa mzima, au likitoka na namba ya simu isiyo sahihi, karakana haipaswi kuandika 600,000 kimya kimya kana kwamba imehudumiwa.

Tuseme wote wawili hufunga hesabu tarehe 31 Desemba. Matoleo matatu yametoka. Jarida lina mapato ya 1,800,000, na bado linadaiwa kurasa za 1,800,000. Pia limeanza kuhesabu uchakavu wa samani: likikadiria kwamba zitatumika miaka mitano na mwishowe hazitakuwa na thamani, uchakavu ni 60,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni 180,000. Huo ni uchakavu wa vitabu; kwa ajili ya kodi ya mapato, sheria ya Tanzania inaweka samani za ofisi katika daraja la tatu la mali, ambalo hupunguzwa kwa asilimia 12.5 ya salio kila mwaka, bila kujali makadirio ya mwenye mali.

Karakana, kwa upande wake, imeandika mauzo yote 3,600,000 ndani ya mwaka huu, gharama ya bidhaa 2,400,000, na gharama ya matangazo 1,800,000 tu. Nusu ya pili ya matangazo inavuka mwaka ikiwa mali.

Hapa mwenye karakana mwenye akili huuliza swali zuri. Ukijumlisha miezi yote sita, anasema, nimepata mauzo 3,600,000, nimetoa gharama ya bidhaa 2,400,000 na gharama ya tangazo 3,600,000, kwa hiyo matokeo ya mwisho ni kupungukiwa 2,400,000. Kwa nini nisiandike tu kwamba nimetumia samani za 2,400,000 kwa ajili ya matangazo, nikamaliza kwa mstari mmoja? Ni kweli kwamba faida ya mwisho ni ile ile. Lakini mstari huo mmoja unaficha mauzo, na mauzo yana kazi zake. Ndiyo yanayopimwa dhidi ya kiwango cha kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambacho Tanzania Bara ni shilingi milioni 200 kwa miezi kumi na miwili tangu Julai 2023. Unaficha pia kwamba biashara ilitumia 3,600,000 kujitangaza, kiasi ambacho angekifikiria mara mbili kama angetakiwa kukitoa taslimu. Na unaharibu majira: gharama yote inaangukia Oktoba ilhali nusu ya kurasa zitasomwa mwaka unaofuata.

Kwa jarida, kunyamaza kunabadilisha hata faida yenyewe. Asiyeandika chochote hana mapato ya 3,600,000 na hana mali ya 3,600,000. Mapato yangeingia katika miezi sita, wakati uchakavu wa samani ungesambaa kwa miaka mitano, na kwa hiyo katika mwaka wa kwanza jarida linaonekana limepata kidogo kuliko ilivyo kweli, kisha katika miaka inayofuata linaonekana linafanya kazi bila kuchakaza meza. Anayeandika kwa usahihi naye ana tatizo lake, na ni afadhali alijue mapema: faida imepanda, lakini benki haijaongezeka. Kodi ya mapato inadaiwa kwa shilingi, na kiti hakipokelewi TRA. Ndiyo maana katika taarifa ya mtiririko wa fedha mabadilishano haya hayaonekani kabisa, bali hutajwa katika maelezo ya hesabu, ili msomaji asijiulize samani zilinunuliwa kwa fedha ipi.

Kodi ya ongezeko la thamani haisubiri kurasa

Kodi hii, ambayo wengi huiita VAT, ndiyo inayoleta mshangao mkubwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2014 inahesabu malipo kuwa fedha pamoja na thamani ya soko ya kitu chochote kilichotolewa badala ya fedha. Mabadilishano, basi, ni mauzo mawili yanayotozwa kodi, kila moja kwa asilimia 18, na kila upande uliosajiliwa unapaswa kutoa ankara na risiti ya mashine ya EFD kwa kiasi kamili. Wote wawili wakiwa wamesajiliwa, kila ankara itakuwa 3,600,000 na kodi 648,000, jumla 4,248,000. Kodi aliyotoza mmoja ndiyo kodi ya manunuzi ya mwenzake. Kwa kila mmoja 648,000 zinafutana na 648,000, na hakuna anayelipa kitu.

Zinafutana, lakini kwa sharti moja: ankara zote mbili ziwe za mwezi mmoja. Kodi hudaiwa katika tukio la mapema zaidi kati ya kutoa ankara, kupokea malipo na kutoa huduma au bidhaa. Jarida limepokea malipo yake yote, yaani samani, tarehe 1 Oktoba. Kwa hiyo kodi ya kurasa zote sita inadaiwa kwa Oktoba, ingawa mapato yenyewe yataandikwa kidogo kidogo hadi Machi. Mhasibu wa jarida anayefikiri kwamba atatoa ankara ya mwezi mmoja mmoja, kufuatana na matoleo, anajiweka matatani na anamponza mwenzake: karakana itakuwa na 648,000 za kulipa katika ritani ya Oktoba, inayowasilishwa kufikia tarehe 20 Novemba, huku ikiwa na ankara ya ukurasa mmoja tu ya kukata. Fedha hizo zitatoka mfukoni kwa biashara ambayo haikuingiza hata senti.

Hali mbaya zaidi ni pale mmoja tu anapokuwa amesajiliwa. Tuseme jarida limesajiliwa na karakana haijafikia kiwango. Karakana haitozi kodi na jarida halina cha kukata. Lakini jarida linadaiwa kodi juu ya matangazo yake, na kama makubaliano hayakutaja kodi, samani za 3,600,000 ndizo malipo yote, kodi ikiwa ndani. Gawanya 3,600,000 kwa 118 na uzidishe kwa 18: ni 549,153. Jarida litazilipa kwa fedha taslimu, na mapato yake halisi ni 3,050,847, takriban 508,475 kwa kila ukurasa. Karakana inaandika gharama ya matangazo 3,600,000 kama ilivyokuwa, kwa kuwa haina namna ya kurudishiwa kodi. Vitabu viwili vya mabadilishano yale yale sasa vina namba tofauti, na vyote viwili ni sahihi. Jarida lingeweza kujikinga kwa sentensi moja katika mkataba, kwamba thamani ya matangazo ni 3,600,000 kabla ya kodi na karakana itaongeza 648,000 kwa fedha. Ni sentensi ambayo wengi huikumbuka tarehe 19 ya mwezi unaofuata.

Jarida likisimama njiani

Hatari ya makubaliano haya haiko sawa kwa pande mbili, na vitabu vinaonyesha hivyo tangu siku ya kwanza. Karakana imetoa kila kitu mwanzoni. Inachoshikilia ni ahadi. Tuseme baada ya toleo la Januari jarida linasitisha uchapaji. Kurasa nne zimetoka, mbili hazikutoka, na 1,200,000 zimebaki katika «Matangazo tunayodaiwa» upande mmoja na «Matangazo tunayodai» upande wa pili.

Kama mkataba ulisema kwamba ukurasa usiochapwa utalipwa kwa fedha kwa 600,000, jambo ni jepesi: jarida linadebiti deni lake na kukrediti benki, karakana inadebiti benki na kukrediti dai lake, na salio zote mbili zinakwisha. Kama mkataba ulitaja idadi ya kurasa bila thamani, ubishi unaanza, kwa sababu mwenye jarida atakumbuka ghafla kwamba wateja wake wa mkataba walikuwa wakipunguziwa. Wakati mwingine hukubaliana kurudisha sehemu ya samani. Makabati mawili yaliyoingia kwa 800,000 na kutumika miezi minne hayarudi karakana kwa 800,000. Yanarudi kwa bei ambayo karakana inaweza kuyauza yakiwa yametumika, na tofauti inabaki kuwa deni au inasamehewa kwa maandishi. Kwa waliosajiliwa, kila njia kati ya hizi inadai pia hati ya kupunguza ankara ya kwanza, ili kodi nayo irekebishwe.

Na kama jarida halilipi wala halirudishi kitu, karakana inapaswa kujiuliza kwa ukweli ni kiasi gani itakipata. Kile isichotarajia kukipata inakiandika kuwa hasara katika kipindi hicho, badala ya kuendelea kubeba «Matangazo tunayodai» mwaka hadi mwaka kama mali ya mtu asiyepokea simu. Upande wa pili, mwenye jarida anaweza kushawishika kusema kwamba kwa kuwa hakuna matoleo tena, 1,200,000 zile zihamie kwenye mapato na ukurasa wa leja ufungwe. Haziwezi kuhama kwa sababu hiyo. Meza zingali ofisini mwake, kurasa mbili hazikuchapwa, na deni litakaa pale lilipo hadi lilipwe, au hadi karakana imwandikie kwamba imelisamehe.